Mteja anadai mara kumi na nane ya ada yangu: kifungu cha kikomo cha dhima kitanisaidia kweli?

Mhamishaji

Wakuu, habari za kazi. Naomba wenye uzoefu wa mikataba ya huduma mnisomee hili kwa makini, maana barua ya madai ninayo mezani na natakiwa kujibu.

Mimi nafanya kazi ya kuhamisha taarifa kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Mteja wangu ni muuzaji wa jumla wa vipuri. Alinipa faili la bidhaa 6,200 kutoka mfumo wake wa zamani, nikaandika programu ndogo ya kuzipanga na kuziingiza kwenye mfumo mpya. Katika faili hilo kulikuwa na safu ya kipimo: bidhaa nyingine zimeandikwa katoni, nyingine kipande, na bidhaa 340 safu hiyo iko tupu. Programu iliziweka zote 340 kama katoni. Kumbe katika mfumo wa zamani tupu ilimaanisha kipande. Matokeo yake katoni ya vipande 12 ikawa inauzwa kwa bei ya kipande kimoja. Hali hiyo ilidumu siku 11.

Sitataja fedha halisi. Chukulieni ada yangu yote ni 100. Nililipwa 50 mwanzoni, 50 bado. Sasa wanadai 620 kwa tofauti ya bei ya katoni zilizotoka, 40 kwa saa za ziada za wafanyakazi waliosahihisha, 900 kwa faida ya mkataba mkubwa walioupoteza kwa sababu mzigo wa kumpelekea mteja wao uliisha ghalani, na 300 kwa kuharibiwa jina. Jumla 1,860.

Mkataba wetu una maneno haya, na wote wawili tulisaini: "Dhima yetu chini ya mkataba huu haitazidi ada iliyolipwa. Hatutawajibika kwa hasara zisizo za moja kwa moja, ikiwemo hasara ya faida."

Kwa uelewa wangu natakiwa kulipa 50 tu na mambo yameisha, kwa sababu mengine yote ni faida iliyopotea. Niko sahihi?

HesabuSafi

Mkuu, mbona unajitesa. Mkataba ulisaini kwa jina lako au la kampuni? Kama ni kampuni yenye dhima ya ukomo, wadai kampuni mpaka wachoke. Nyumba yako na gari lako haviguswi. Hicho ndicho kikomo cha kweli, vifungu ni mapambo.

Mhamishaji

Ni kampuni, lakini kampuni ndiyo mimi. Ikifa, jina langu sokoni limekufa nayo, na vifaa vyote vya kazi ni mali ya kampuni.

Mama_Mikataba

Mhamishaji, pole. Nimeandika na kubishania vifungu vya aina hii kwa muda mrefu, upande wa watoa huduma na upande wa wateja. Nitakujibu kwa mtindo wa nchi zilizorithi sheria ya mikataba ya Kiingereza, kwa kuwa maneno ya kifungu chako yametoka huko. Wakili wa hapo ulipo lazima aupitie kabla hujajibu barua.

Kwanza HesabuSafi, ulichosema ni kweli kwa nusu. Kampuni hukinga mali ya mwenye hisa dhidi ya madeni ya kampuni. Lakini mdai anaweza kujaribu kumshitaki mtaalamu mwenyewe kwa uzembe, na hapo mahakama itauliza kama yeye binafsi alijitwika jukumu mbele ya mteja. Mara nyingi jibu ni hapana, ila kwa mtu ambaye ndiye aliyekutana na mteja, akashauri, akaandika programu na akasaini ripoti kwa jina lake, swali hilo si la kupuuza. Ndiyo maana kifungu kizuri husema wazi kwamba mteja hatamdai mfanyakazi au mkurugenzi binafsi.

Sasa kwako Mhamishaji. Jibu fupi ni kwamba hauko sahihi kuhusu faida, na 50 yako ina shaka. Wengi huamini kuwa "faida iliyopotea" na "hasara isiyo ya moja kwa moja" ni kitu kimoja. Sivyo.

Mgawanyo huu unatokana na kesi ya Hadley dhidi ya Baxendale ya mwaka 1854. Mwenye kinu cha kusaga nafaka alivunjikiwa na mtaimbo wa mashine, akampa msafirishaji aupeleke kwa mtengenezaji uwe kielelezo cha kuundia mwingine. Msafirishaji akachelewa, kinu kikasimama, mwenye kinu akadai faida ya siku zote hizo. Alishindwa, kwa kuwa msafirishaji hakuwa na njia ya kujua kwamba hakuna mtaimbo wa akiba na kwamba kinu kizima kimelala kwa ajili yake. Mahakama ikaweka makundi mawili. La kwanza ni hasara inayozaliwa kwa kawaida na kosa la aina hiyo, ambayo yeyote angeitarajia. La pili ni hasara inayotokana na hali maalumu ya mteja, na hiyo unaibeba tu kama hali hiyo ilikuwa wazi kwa pande zote mbili wakati mnakubaliana.

Mahakama za Kiingereza zimekuwa zikisoma "hasara zisizo za moja kwa moja" kuwa ni kundi la pili peke yake. Sasa jiulize: ukimwekea muuzaji wa jumla bei za chini kuliko halisi, kitu gani kitatokea kwa kawaida? Atauza kwa hasara. Hiyo 620 ni kundi la kwanza, hata kama wewe unaiita faida. Na ulipoandika "ikiwemo hasara ya faida", umeiweka faida ndani ya kapu la hasara zisizo za moja kwa moja. Wakili wao atasema umekataa faida ya kundi la pili tu, ile ya kundi la kwanza umeiacha wazi.

Mhamishaji

Aisee. Kwa hiyo kifungu changu hakizuii kile hasa nilichokiandikia?

Mama_Mikataba

Kwa 620, sina imani nacho. Kwa 900 huenda kikakusaidia, lakini nijibu kwanza: je, wakati mnakubaliana ulikuwa unajua habari za huo mkataba mkubwa?

Mhamishaji

Nimerudi kwenye barua pepe. Wiki moja kabla ya kusaini, meneja wao aliandika kwamba lazima mfumo uwe tayari kabla hawajaanza kumpelekea mzigo mteja wao mpya mkubwa, kwamba akikosa mzigo mara moja tu anavunja mkataba. Nikajibu "tumeelewana".

Mama_Mikataba

Basi kama kusingekuwa na kifungu chochote, barua pepe hiyo ingekuweka pabaya, kwa sababu hali maalumu uliijua. Hasara inaingia kundi la pili na inadaika. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kifungu chako kinaikamata: ni hasara isiyo ya moja kwa moja, tena ni ya faida, na hilo umelikataa kwa maneno. Wao watajaribu kusema kwamba kuishiwa mzigo nako ni tokeo la kawaida la bei kuwa chini. Watakuwa na hoja dhaifu kiasi, ila hoja wanayo. Tusiiandike 900 kuwa sifuri mapema.

Hiyo 300 ya jina waulize imehesabiwaje. Nani ameacha kununua, lini, kiasi gani? Kampuni inayodai kuharibiwa jina bila mteja hata mmoja wa kumtaja huwa na wakati mgumu.

FundiMitandao

Naingilia kidogo. Mimi mteja wangu hajanilipa miezi sasa, naye anasema eti kuna hasara. Mhamishaji wewe mdai hiyo 50 yako kwanza, mkazie, ukiilegeza ndipo wanakupanda kichwani.

Halafu mimi kikomo changu kiko chini ya kila ankara kwa herufi ndogo: "Dhima yetu haizidi thamani ya ankara hii." Hakijawahi kuniletea shida.

Mama_Mikataba

FundiMitandao, hakijakuletea shida kwa sababu hakijajaribiwa. Ankara yako inatumwa lini?

FundiMitandao

Kazi ikiisha.

Mama_Mikataba

Hapo ndipo tatizo lilipo. Makubaliano yenu yalikamilika siku mliyokubaliana kazi na bei. Sharti linalofika baada ya hapo halimfungi mwenzako, labda kama mmefanya naye kazi kwa mfululizo kwa masharti hayo hayo mpaka iwe desturi yenu. Kuna kesi ya 1949, Olley dhidi ya Marlborough Court: mgeni alijiandikisha na kulipa mapokezi hotelini, tangazo la kukataa dhima likiwa limebandikwa chumbani. Vitu vyake vikaibwa, hoteli ikaonyesha tangazo, mahakama ikasema mkataba ulishafungwa mapokezini. Hamishia maneno yako kwenye nukuu ya bei, mteja asaini nukuu hiyo, na herufi ziwe za ukubwa unaosomeka.

Kuhusu kudai 50, usimshauri hivyo bado. Akianza ugomvi wa malipo kabla hajajua anadaiwa kiasi gani kihalali, watakata deni lake kwenye madai yao na atakuwa amepoteza nafasi ya mazungumzo.

JichoLaMteja

Niongee kutoka upande wa pili. Mimi nasimamia ununuzi wa huduma, na ninasoma vifungu kama hivi kila wiki. Kwa kweli vinaniudhi. Mtu anakabidhiwa bei zote za biashara, anazivuruga, halafu anasema atarudisha nusu ya ada. Hatari yote inabaki kwangu niliyemwamini. Kwa nini mahakama inaruhusu?

Mama_Mikataba

Wala hairuhusu kila mara. Uingereza ina sheria ya 1977 kuhusu masharti yasiyo ya haki, na chini yake kikomo kilicho kwenye masharti ya kawaida ya upande mmoja lazima kiwe cha busara. Katika kupima kiasi, mahakama huangalia uwezo wa aliyejiwekea kikomo na kama angeweza kujikatia bima.

Kesi inayofanana na hii ni ya halmashauri ya St Albans dhidi ya ICL, iliyofika Mahakama ya Rufaa mwaka 1996. Kampuni iliuza programu ya kukusanya kodi, programu ikazidisha idadi ya walipakodi, halmashauri ikapanga kiwango cha kodi cha chini mno. Mkataba ulikuwa na kikomo cha pauni 100,000, hasara ilizidi milioni moja. Kampuni ilikuwa na bima ya dhima ya pauni milioni 50. Kikomo kikatupwa kwa kukosa busara.

Kwa hiyo Mhamishaji, kikomo cha nusu ya ada kwa kazi inayogusa bei zote za mteja kina hatari ya kutupwa chote, na kikitupwa hakibadilishwi kuwa kikomo cha wastani. Unabaki bila chochote. Hapo ndipo tamaa ya kikomo kidogo inapomgeuka mtu.

Na kwingine misingi iko tofauti. Kwa Ujerumani, kifungu cha 276 cha Sheria ya Kiraia hakimruhusu mtu kujivua mapema dhima ya kosa la makusudi, na nchi nyingi zenye mfumo wa namna hiyo huukatalia pia uzembe uliokithiri.

JichoLaMteja

Afadhali. Mimi huwa nakubali kikomo kikiwa sawa na kiwango cha bima ya mtoa huduma, naye anionyeshe cheti. Na kwenye fomu yetu tunaweka kifungu cha fidia: mtoa huduma atatufidia dhidi ya hasara zote zinazotokana na kazi yake. Wengi husaini bila kukigusa.

Mama_Mikataba

Hicho ndicho kifungu ninachowaonya watoa huduma kila siku. Ahadi ya kufidia "hasara zote" inaweza kusomwa kuwa imesimama nje ya kikomo, na pengine nje ya mipaka ya Hadley pia. Mtu anajadili kikomo wiki nzima kwenye ukurasa wa tisa, na ukurasa wa kumi na mbili ameshakiondoa. Kikomo kiseme kwamba kinahusu pia fidia yoyote iliyoahidiwa ndani ya mkataba.

Mhamishaji

Namshukuru Mungu changu hakina fidia. Sasa ile 50 kwa nini ina shaka?

Mama_Mikataba

Kwa sababu umeandika "ada iliyolipwa". Iliyolipwa mpaka lini? Siku ya kosa, siku ya madai, au siku ya hukumu? Wakikulipa 50 iliyobaki kesho, kikomo kinapanda hadi 100? Maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika ni wewe. Mimi ningejipanga kwa 100.

Tena umeandika "chini ya mkataba huu". Wanaweza kukudai kwa uzembe, ambao ni msingi wa dhima unaosimama nje ya mkataba. Mahakama za siku hizi hazishiki maneno kwa ugumu kama zamani, lakini neno uzembe lisipokuwepo umewaachia mlango.

Lakini nataka uache kidogo suala la kikomo. Kuna kazi ya kufanya kabla yake, na watu hawaifanyi: kuhesabu hasara yenyewe. Nieleze siku kwa siku. Nani aligundua, lini?

Mhamishaji

Siku ya 3, karani wa ghala alimwandikia meneja: "Mbona katoni zinatoka kwa bei ya kipande?" Ujumbe huo wameuambatisha wenyewe kwenye madai. Meneja alijibu kwamba ni punguzo la kufungulia mfumo mpya. Walisimamisha mauzo siku ya 11. Mimi nilipigiwa siku hiyo hiyo ya 11, jioni nikawa nimerekebisha.

Kwenye jedwali la mauzo yao, tofauti ya bei mpaka mwisho wa siku ya 4 ni 170. Siku ya 5 hadi ya 11 ni 450.

Mama_Mikataba

Ujumbe wa karani una thamani kubwa kuliko kifungu chako chote.

Anayedai hasara hawezi kudai ile ambayo angeiepuka kwa hatua za kawaida. Siku ya 3 wamejua. Wape siku nzima ya kuchunguza na kusimamisha, tufike mwisho wa siku ya 4. Hiyo 450 ya baadaye una hoja nzito kwamba ni ya kwao. Meneja aliuliza nani kuhusu hilo punguzo? Alipiga simu? Watasema alidhani kwa nia njema, nawe utasema muuzaji wa jumla makini haachi katoni itoke kwa moja ya kumi na mbili ya bei bila kuuliza.

Inabaki 170. Nayo imehesabiwa kwa wingi mno. Wamechukua kila katoni iliyotoka na kusema: tungeiuza kwa bei ya vipande 12, tumepata ya 1, tumepoteza 11. Lakini kanuni ni kumweka mdai pale ambapo angekuwa kama kazi ingefanywa vizuri. Kama bei ingekuwa sahihi, katoni zote hizo zingetoka ndani ya siku 4? Watu walizikimbilia kwa sababu zilikuwa karibu na bure. Angalia mauzo ya kawaida katika mfumo wa zamani.

Mhamishaji

Nimeangalia bidhaa zile zile kwa wiki zilizotangulia. Kwa siku 4 za kawaida hutoka theluthi moja ya hizo. Na bei yao ya kununulia katoni, kutoka faili hilo hilo, ni kama ya vipande 9.

Mama_Mikataba

Vizuri sana. Theluthi moja ni karibu 57 kati ya 170, hiyo waache na hasara yao kamili. Theluthi mbili, yaani 113, ni katoni ambazo zingekuwa bado ghalani. Hasara yao hapo ni gharama ya kununua nyingine, vipande 9, ukitoa kipande 1 walicholipwa. Ni 8 badala ya 11. Chukua 113 zidisha kwa 8 gawa kwa 11, unapata kama 82. Jumlisha na 57, ni karibu 140. Ongeza 40 ya saa za ziada, ambayo ni hasara ya moja kwa moja na ni halali wakileta orodha ya saa. Umefika 180.

Kwa hiyo ukiacha 900 na 300 pembeni, ugomvi halisi ni wa 180 na kikomo chako kinagombea tofauti kati ya 100 na 180. Ni mazungumzo mengine kabisa na yale ya 1,860.

JichoLaMteja

Hapo pa theluthi sikubali moja kwa moja. Wengine walionunua kwa bei ya kutupa walikuwa wateja wao wa kawaida, na sasa wamejaza maghala yao. Hawatanunua kwa miezi. Mauzo hayo ya baadaye nayo yamepotea kwa kosa lile lile.

Mama_Mikataba

Hoja nzuri, na ningekuwa wakili wao ningeileta. Lakini ni wao wa kuithibitisha kwa majina ya wateja na kushuka kwa mauzo. Ikithibitika, baadhi ya zile 8 zinarudi kuwa 11.

Mchora_Ramani

Mimi ni msanifu wa majengo, naomba niulize langu humu humu. Nilimwandikia mteja ripoti kwamba jengo lake halina kasoro kubwa, kikomo cha dhima kikiwemo na akasaini. Yeye akaipeleka kwa mnunuzi, mnunuzi akanunua kwa kuitegemea, na sasa mnunuzi ndiye ananidai. Kikomo changu kinamfunga?

Mama_Mikataba

Kwa kawaida hapana, kwa kuwa mnunuzi hakusaini nawe. Ila naye lazima kwanza aonyeshe kwamba ulimwia wajibu. Tangu kesi ya Hedley Byrne ya 1963 mtaalamu anaweza kuwajibika kwa kauli yake kwa mtu asiye na mkataba naye, kama alijitwika jukumu kwake na mtu huyo akaitegemea kwa haki. Kinga yako haiko kwenye mkataba, iko kwenye ripoti yenyewe, ukurasa wa kwanza: imeandikwa kwa ajili ya fulani, kwa kusudi fulani, mwingine asiitegemee bila idhini yetu ya maandishi. Hata benki katika kesi hiyo iliponea hapo, kwa kuwa ilitamka kwamba inatoa taarifa bila kubeba dhima. Yako ilikuwa na maneno hayo?

Mchora_Ramani

Ilikuwa na jina la mteja tu.

Mama_Mikataba

Basi fungua uzi wako, tusimvurugie Mhamishaji. Lakini leo leo mjulishe mwenye bima wako.

DalaliWaBima

Nimesubiri neno hilo. Mhamishaji, una bima ya dhima ya kitaaluma?

Mhamishaji

Ninayo, imeanza mwaka jana. Nilikuwa nangoja nijue kama nina kosa kwanza ndipo niwaambie.

DalaliWaBima

Usingoje hata saa moja. Bima hizi kwa kawaida hulipa kwa kuangalia madai yamekuja lini, si kazi ilifanyika lini. Barua imeshafika, na ulijua kuna tatizo tangu ile siku ya 11. Soma sharti la taarifa: nyingi hutaka ujulishe si madai tu, bali hata tukio linaloweza kuzaa madai. Angalia pia tarehe ya nyuma iliyoandikwa kwenye bima, kazi iliyofanyika kabla ya hiyo haiingii. Na sehemu ya kwanza ya hasara utaibeba mwenyewe, kiasi kimo kwenye jedwali la bima.

Kingine: umewaandikia mteja chochote cha kukubali kosa?

Mhamishaji

Jioni ya siku ya 11 nilituma ujumbe: "Samahani sana kwa usumbufu, tumerekebisha, tutalimaliza hili pamoja." Huo ni kukiri?

DalaliWaBima

Mwenye bima mkali atasema ndiyo. Sharti huwa ni kutokukiri dhima wala kuahidi malipo bila idhini yake.

Mama_Mikataba

Mimi naona si kukiri. Kuomba radhi kwa usumbufu si kusema ni mimi niliyevunja mkataba. Hiyo "tutalimaliza pamoja" ndiyo inayonipa wasiwasi kidogo. Hapo mimi na Dalali tutatofautiana, na mwenye bima ndiye atakayesema. Mpelekee ujumbe huo mwenyewe, usiufiche.

HesabuSafi

Nakubali niliongea haraka kuhusu kampuni. Swali moja: kosa ni lake kweli? Safu tupu waliitoa wao, na nadhani walikagua kabla ya kupokea.

Mhamishaji

Walikagua bidhaa 50 na kusaini hati ya makabidhiano. Hakuna hata moja kati ya zile 340 iliyoangukia humo. Mimi pia kwenye maelezo ya kazi niliandika "bidhaa zisizo na kipimo zitawekwa katoni", mstari mmoja kwenye kiambatisho. Hawakupinga.

Mama_Mikataba

Mstari huo ulitakiwa uwepo kwenye ujumbe wako wa kwanza hapa! Ni ushahidi mkubwa kwamba dhana ilitangazwa na mteja aliipokea. Hautakuondolea lawama zote, kwa kuwa watasema mtaalamu anayeona nafasi 340 tupu anauliza, haandiki dhana kiambatishoni. Lakini mgawanyo wa lawama sasa unajadilika, na ile 180 inaweza kushuka. Inashuka kiasi gani siwezi kukuambia, na yeyote atakayekutajia asilimia anabahatisha.

Kwa kazi zako zijazo, anza na maneno haya, wakili wako ayarekebishe:

"Jumla ya dhima ya Mtoa Huduma kwa madai yote yanayotokana na kazi hii au kuhusiana nayo, yawe kwa msingi wa mkataba, uzembe, fidia au msingi mwingine wowote, haitazidi mara mbili ya ada yote ya kazi, iwe imelipwa au bado. Mtoa Huduma hatawajibika kwa hasara ya faida, ya mauzo au ya mikataba na watu wengine, iwe ya moja kwa moja au la. Kifungu hiki hakihusu ulaghai, kifo au majeraha ya mwili."

Sentensi ya pili imesimama peke yake, haiko tena ndani ya kapu la "zisizo za moja kwa moja". Ya mwisho iache hata kama inakuuma, bila hiyo kifungu kizima kinaweza kuonekana kimevuka mpaka. Mara mbili ni mfano. Kama bima yako inabeba zaidi, kipandishe, na JichoLaMteja atasaini bila ugomvi.

JichoLaMteja

Kukataa faida ya moja kwa moja kusingepita mezani kwangu. Ningefuta "ya moja kwa moja" na kukubali kikomo cha juu zaidi. Lakini angalau hapo tungekuwa tunajadili kitu kinachoeleweka.

Mhamishaji

Mrejesho, wakuu. Mwenye bima nimemjulisha, kanipa wakili. Wakili kaniambia nisijibu chochote kuhusu kiasi, kaandika barua fupi ya kupokea madai na kuomba vitu vitatu: mawasiliano yote ya siku ya 3 hadi ya 11, mauzo ya mwaka uliopita kwa bidhaa zile 340, na nakala ya mkataba na yule mteja mkubwa pamoja na barua ya kuuvunja. Hilo la tatu limewanyamazisha kidogo, wamesema watalitafuta.

Kaniuliza kitu ambacho sikuwa nacho jibu. Bima yangu ina sehemu ya kujibebea kwa "kila tukio". Bidhaa 340 zenye kosa moja la programu, hilo ni tukio moja au 340?

DalaliWaBima

Kwa mtazamo wangu ni moja, chanzo ni mstari mmoja wa programu. Lakini nimewahi kuona bima inayohesabu kwa kila hasara, si kwa kila chanzo. Tupe maneno kamili ya kifungu chenyewe, na tafsiri ya "tukio" iliyoko kwenye kurasa za mwanzo.

Mhamishaji

Iko ofisini. Kesho asubuhi naiweka hapa.